Kafiwa na baba yake, mesej yangu ya pole imekuwa ndefu kama barua, nikate wapi?

*Shikamoo anti. Kuna dada tunafanya naye kazi, meza yake inatazamana na yangu, juzi kafiwa na baba yake. Sisi si marafiki kivile, ni wale wa salamu asubuhi na mambo ya kazi, nje ya ofisi hatujawahi kukutana. Mzee mwenyewe sikuwahi kumuona, nilikuwa nazisikia tu simu zake maana alikuwa anampigia binti yake karibu kila mchana na dada anapokea palepale mezani, "Mzee, niko kazini bwana," halafu anacheka. Kwenye grupu la kazini nimeweka pole kama wengine ila naona haitoshi, nataka nimuandikie mwenyewe. Nimeandika hii:*

*"Habari dada, pole sana kwa msiba mzito uliokupata, nimeshtuka mno hata usiku sijalala vizuri. Najua unavyojisikia maana na mimi nilifiwa na bibi yangu mwaka juzi na nililia wiki nzima. Kwani mzee alikuwa anaumwa nini? Lakini usilie sana, angalau ameishi miaka mingi na sasa amepumzika, kazi ya Mungu haina makosa. Jikaze, wewe ndiyo nguzo ya familia sasa. Ukihitaji chochote kile niambie, muda wowote. Kazi usiwaze, ila ukipata nafasi naomba uniambie ile faili ya ripoti ya mwezi umeihifadhi wapi. Tuko pamoja."*

*Nikisoma naiona ndefu, nikikata naiona kavu. Na sitaki aone najipendekeza. Nisaidie anti.*

Marahaba mdogo wangu. Vizuri umeileta kabla hujabonyeza tuma.

Urefu wenyewe tuuache kwanza, utajiweka sawa huko mbele. Hebu mfikirie huyo dada anaisoma wapi hiyo mesej. Simu haikai, huyu anauliza mazishi saa ngapi, yule yuko njiani hajui akate kona wapi, kuna mtu anataka karatasi isainiwe, mama yake chumbani hataki kula, na katikati ya hayo yote simu inatetema na anaitupia jicho amesimama, mkono mmoja una kitu kingine. Mtu wa hivyo hana nguvu ya kufanyia kazi mesej yako. Kwa hiyo chukua sentensi moja moja ujiulize, hii inampa kitu au inamwomba kitu? Inayomwomba itoke, hata kama inapendeza, hata kama umeiandika kwa machozi. Ukimaliza hilo zoezi utashangaa hakuna tena cha kupunguza.

Tuanze na "habari dada". Najua ni mazoea, vidole vinaandika vyenyewe, ila mtu aliyefiwa juzi unamuuliza habari na kwenye kioo cha simu kabla hajafungua ndiyo maneno ya kwanza anayoyaona, hapo anajiuliza huyu anajua au hajui, nianze tena kumuelezea? Anza na pole moja kwa moja ili asome mstari wa juu tu aelewe, hata asipofungua mpaka kesho ujumbe umeshafika.

"Nimeshtuka mno hata usiku sijalala vizuri." Naamini ni kweli, lakini sasa wewe ndiye wa kupewa pole. Dada mwenye adabu akisoma hapo atajibu "pole na wewe jamani", na huo ndio mzigo wenyewe ninaousema. Wewe humjui mzee, mshtuko wako mpelekee rafiki yako au mtu wa nyumbani kwako, watu ambao hawako ndani ya msiba huu.

Bibi yako, Mungu amrehemu, naye atoke. Na hata ingekuwa ni baba yako kabisa, na kafariki kwa ugonjwa uleule, bado ningekwambia utoe. Watu tunadhani tukitaja msiba wetu tunamsogelea mtu, kumbe tunamgeuza shingo aache kumtazama wake atazame wetu. Halafu "najua unavyojisikia" ni sentensi inayomlazimisha akubali, na pengine wakati huo anajisikia ganzi tu, au amechoka, au ana hasira na madaktari, wewe umemwambia unajua na wala hujui. Habari ya bibi itapata siku yake, miezi ijayo, akikuuliza mwenyewe wewe ulifanyaje.

"Alikuwa anaumwa nini?" Hii ndiyo iliyonifanya nikunje uso. Hilo swali ameulizwa na kila aliyepiga simu tangu juzi, na kila akijibu anarudishwa kwenye zile saa za mwisho upya. Tena vipo vifo ambavyo familia haitaki visemwe, na mtu ukimuuliza kwa mesej unamuacha achague kati ya kudanganya na kunyamaza. Kama anataka ujue utajua, tangazo la familia litasema, au atakusimulia siku moja mmekaa. Usimuulize yeye, na usimuulize mtu wa pembeni pia, maana maofisi yetu nayajua, swali ukilipeleka kwa mtu wa pembeni litamfikia mwenyewe kabla ya jioni likiwa na jina lako.

Sasa lile fungu la "usilie sana, angalau ameishi miaka mingi". Kwanza miaka yake huijui, umekisia tu. Pili hata angekuwa na miaka 95, mtoto hahesabu hivyo, wala hana haja ya kupangiwa kulia kwake. Neno "angalau" kwenye salamu za pole mimi nalifuta popote nikilikuta, linaanzisha ubishi, kama vile yeye amelalamika na wewe unamjibu kwamba asizidishe.

"Kazi ya Mungu haina makosa" hapo ndugu yangu kuna watu watanigombeza, lakini sisemi ni maneno mabaya. Nasema yana mwenyewe. Ukimjua mtu ni wa imani na anaongea hivyo, yanamfaa. Njia rahisi ya kujua ni kurudi kwenye tangazo alilotoa mwenyewe, au familia yake, uangalie wameandikaje. Kama wameanza na "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" na wewe ni mtu wa maneno hayo, mjibu kwa lugha hiyo. Kama wameandika Bwana ametoa na Bwana ametwaa, hivyohivyo. Kama tangazo limesema tu "baba ametutoka" bila neno la dini hata moja, basi na wewe usiingize. "Pole sana" inatosha popote, haina msikiti wala kanisa, na hakuna mtu aliyewahi kukasirika kwa kuambiwa pole sana.

"Jikaze, wewe ndiyo nguzo ya familia." Umejuaje? Inawezekana nguzo ni kaka yake, inawezekana ni mama, inawezekana hiyo familia haina nguzo na ndiyo kinachomtesa hivi sasa. Na kwa ujumla usimwambie mtu chochote kuhusu uhusiano wake na mzazi wake kama hukuwa ndani ya ile nyumba. Unaandika "najua mlipendana sana" kwa mtu ambaye na baba yake walinuniana miaka kumi, kila neno linamchoma na hawezi kukwambia acha.

Tumefika kwenye "ukihitaji chochote niambie". Hii inapendwa kuliko zote na wanaoiandika wengi wana nia nzuri kabisa, ila hebu iangalie kwa karibu, inampa kazi tatu. Afikirie anahitaji nini, apime kama ulikuwa unamaanisha au ni heshima tu, halafu aje akuombe, yeye ambaye nje ya ofisi hamjawahi kukutana. Hataomba. Badala ya "chochote", tafuta kitu kimoja kilicho kwenye uwezo wako, kwenye eneo mnalojuana, yaani kazini, na kiwe kitu kinachoweza kuendelea bila yeye kujibu. Wewe unacho tayari, ni ile ripoti ya mwezi.

Ila hapo pia kuna namna. Kabla hujamwandikia ongea na bosi, upewe ruhusa kwa mdomo wake, kwa sababu ukimwambia "nitaiandaa mimi" halafu bosi akampa mtu mwingine, au akamtumia yeye mesej ya kumuuliza ripoti iko wapi, umemuongezea wasiwasi. Na chukua kitu chenye mwisho, ripoti moja, zamu moja, kikao kimoja cha kumuwakilisha. Usijitangaze kwamba umeshika kazi zake zote na wateja wake wote, mtu akiwa mbali na kafiwa, mesej ya namna hiyo inasomeka kama nafasi yake imeshachukuliwa.

Na lile swali la faili lisiwepo kabisa, hata kwa "ukipata nafasi". Muulize bosi, muulize aliyeandaa ya mwezi uliopita pamoja naye, muulize mtu wa kompyuta afungue folda la pamoja. Ikishindikana kote huko na tarehe inabana kweli, basi aulizwe baada ya mazishi, na mtu mmoja tu kwa niaba ya ofisi nzima, kwa mesej ya peke yake, swali la kujibiwa kwa neno moja. Ukilipachika kwenye pole, pole yote inageuka utangulizi wa ombi, na hilo ndilo lingekufanya uonekane unajipendekeza.

Haya, tumebaki na nini? "Pole sana dada" na "tuko pamoja". Ndiyo kavu uliyokuwa unaiogopa, na ni kweli ni kavu, imefanana na zile pole nyingine zote za kwenye grupu. Sasa ndiyo unaongeza kitu, kimoja, na kiwe cha kweli na cha kwako. Umeniandikia mimi habari ya zile simu za mchana, "Mzee, niko kazini bwana", halafu kwenye mesej yake mwenyewe hukuiweka! Umeweka bibi, umeweka usingizi wako, kile kitu cha pekee ambacho wewe unacho na wengine hawana umekiacha kwangu.

Utaniuliza si nitakuwa naingilia, nimesikiliza simu za watu. Angalia ilikuwaje. Alikuwa anapokea mezani, mbele yako, kwa sauti, na anacheka. Hicho ni kitu alichokuruhusu ukisikie. Angekuwa anatoka koridoni na kushusha sauti, hata kama ulisikia kila neno ungenyamaza nalo mpaka mwisho. Na hata hiki cha wazi kitaje kama ulivyokiona, usiendelee kukitafsiri, usiseme "ilionyesha alivyokupenda", hujui, ulikuwa unasikia upande mmoja. Sema simu na kicheko, mwenyewe atajaza.

Inaweza kumtoa machozi, ndiyo. Waliofiwa wengi hawaogopi kumkumbuka mtu wao, na dada huyu anajua kabisa mchana ukifika simu haitaita, huwezi kumkumbusha kitu ambacho hajakisahau. Ila hilo la simu lisiende kwenye grupu, ni lake peke yake.

Basi iwe hivi:

"Dada, pole sana kwa kuondokewa na baba. Sikubahatika kumfahamu mzee, ila nitakumbuka simu zake za mchana na jinsi ulivyokuwa unacheka ukizipokea. Ripoti ya mwezi huu naiandaa mimi, bosi anajua, hivyo isikae kichwani mwako. Usihangaike kujibu mesej hii. Tuko pamoja."

Nimehesabu, hayafiki maneno 40, ni kama nusu ya yako, na haijawa kavu. Kwa mtu mnayefahamiana kwa salamu sentensi nne mpaka tano ni kipimo kizuri, ukizidi hapo ujue umeanza kujieleza. Na kama usingekuwa na zile simu, usingetunga kitu, ungeishia "sikubahatika kumfahamu mzee" ukaendelea na ripoti, huo nao ni ukweli na unatosha.

Ile "usihangaike kujibu" ukishaiandika ifuate. Usichungulie tiki za bluu, usimtumie "uliiona?" baada ya siku mbili, na akikujibu "asante" iache hapohapo, usiiongezee nyingine ili na yeye aongeze nyingine.

Tuma kwa mesej ya maandishi kwenye simu yake, mchana. Namba ukiitoa kwenye grupu la kazini si vibaya kwa mesej moja, ila usipige, na voisi achana nayo, mtu aliyezungukwa na ndugu hawezi kuweka simu sikioni akusikilize dakika mbili. Imeili ya ofisi mimi siipendi kwa hili, ataikuta siku anarudi imebanwa katikati ya vikao na ankara. Kabla ya kutuma soma mara ya mwisho uone umeandika baba na siyo mama, maana simu zinajaza maneno zenyewe, na watu wanakopi pole ya mwaka jana wanapesti, unakuta mtu kafiwa na baba anaombewa mama apumzike. Kama unataka kumtaja mzee kwa jina litoe kwenye tangazo herufi kwa herufi. Emoji moja sawa, msururu wa vikaragosi vinavyolia hapana.

Na kuna anayesoma hapa kwa kuibia, yeye msiba wa mwenzake ulitokea wiki tatu zilizopita na hakuandika, sasa anaona haya. Andika leo, ileile, bila aya ya kuomba radhi kwa kuchelewa, ukianza "samahani sana nilikuwa na mambo mengi" umerudi kulekule kwa bibi na usingizi. Wiki ya tatu simu ya mfiwa imeshatulia, mesej inasomwa kwa nafasi. Mabosi nao wanisikie, mkiandika pole msiulize anarudi lini, hata kwa upole. Mwambieni kazi zake nani anazishika, mambo ya likizo aongee na nani akiwa tayari, basi.

Siku akirudi ofisini, mpe pole ya mdomo mara moja, kwa sauti ya chini, akiwa amekaa, halafu muoneshe ripoti ulipoiweka muendelee na kazi. Usimwinamie kila saa na "uko sawa?", na usibadilike ukawa unaongea naye kwa kunong'ona. Akianza mwenyewe kumtaja mzee, hapo geuza kiti usikilize.

Kimoja cha mwisho maana najua kitakusumbua. Inawezekana, pamoja na kumwambia asijibu, usiku wa manane akakuandikia refu, pengine kwamba hizo simu hakuwa anazipenda, zilikuwa za kumuomba pesa na alikuwa anacheka ili ofisini wasijue, na sasa anajuta. Usiingie hofu kwamba umeharibu, na usimpe ushauri, wala usimtetee mzee. Wewe si wa kumsuluhisha na marehemu. Subiri asubuhi, umjibu mstari mmoja, "Nimesoma yote dada, asante kwa kuniambia, hili linabaki kwangu." Na libaki kwako kweli, hata mimi usiniandikie.